Usaha Hautoki Kibofuni

Kijana wa miaka 24 anaingia duka la dawa, anasubiri akina mama wawili wamalize shida zao, kisha anamwinamia muuzaji na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba mkojo unamchoma. Muuzaji hamuulizi la pili. Anamkatia vidonge kumi vya sipro, anaandika moja asubuhi na moja jioni, na kumtajia ugonjwa: UTI. Kijana anashukuru na kuondoka akiwa amepumua, kwa sababu UTI ni ugonjwa usio na aibu. Hata bibi kizee hupata UTI.

Ambalo hakulisema, na ambalo hakuulizwa, ni kwamba asubuhi ile alikuta doa la njano kwenye bukta yake.

Tumwite Saidi, dereva wa bodaboda wa Morogoro. Si mtu mmoja halisi, ila kila tabibu wa zahanati au kituo cha afya amekwisha kukutana naye. Lile doa ndilo lililokuwa na habari yote, na lingeulizwa, safari yake ya wiki tatu ingekwisha kwa siku moja. Tuone kwa nini.

Mkojo hukaa kwenye kibofu, na chini ya kibofu kuna misuli inayobana kama kifundo cha mfuko. Misuli hiyo hufunguka pale tu mtu anapokojoa. Chini yake mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi dume, unateremka kwenye msamba, kisha unapita ndani ya uume mpaka nje, jumla yake karibu sentimita 20 kwa mtu mzima. Sasa fikiria usaha unatengenezwa kibofuni. Hauna njia ya kutoka wenyewe, maana mlango umefungwa. Utasubiri mkojo na kutoka nao, na mgonjwa ataona mkojo wa ukungu. Lakini majimaji yanayochuruzika yenyewe wakati mtu hakojoi, yanayochafua nguo usiku au kuonekana kama tone kwenye ncha asubuhi, lazima yawe yametengenezwa chini ya ule mlango. Kwa kijana, hiyo ina maana ya mrija wenyewe: utando wake wa ndani umevimba na unatoa usaha.

Kwa hiyo kuungua peke yake hakutoshi kutaja ugonjwa. Mrija ukivimba, mkojo unaopita juu yake utachoma, iwe kasoro imeanzia hapo au kibofuni. Kinachotenganisha ni mambo yanayofuatana na kuungua huko. Mwenye maambukizi ya kibofu hukimbilia chooni kila mara, anahisi mkojo umembana lakini unatoka kidogo, tumbo la chini linamuuma, na mkojo unaweza kuwa na ukungu, harufu kali au damu. Mwenye uvimbe wa mrija kwa kawaida hakojoi mara nyingi kuliko jana. Anaungua zaidi mwanzoni mwa mkojo au pale kwenye ncha, anawashwa ndani, na anaona kitu kinatoka.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji angelikumbuka asingetaja UTI haraka hivyo. Kijana wa kiume mwenye afya hupata UTI ya kawaida kwa nadra sana. Bakteria wanaoisababisha, hasa *Escherichia coli*, huishi utumbo mpana na hupanda kutoka njia ya haja kubwa. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi, mrija wake una sentimita nne hivi na tundu lake liko jirani na njia hiyo. Kwa mwanamume ni safari ndefu, na njiani kuna majimaji ya tezi dume yenye zinki nyingi, ambayo bakteria hawayapendi. UTI ya kweli kwa kijana inapothibitishwa, tabibu makini haishii kuandika dawa. Hutafuta sababu: jiwe, mrija uliosinyaa kwa kovu, mpira wa mkojo aliowahi kuwekewa, au kibofu kisichomwaga mkojo wote.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya nchi za baridi huipitia haraka, nayo ni kichocho cha mkojo. Aliyekulia Pemba, Unguja, Kwale au Shinyanga na kuoga kwenye mabwawa na vijito akiwa mdogo anaweza kuungua kwa sababu ya mayai ya minyoo yaliyokwama kwenye ukuta wa kibofu. Dalili yake ni damu mwishoni mwa mkojo, matone ya mwisho mekundu, na hakuna usaha unaochuruzika. Mayai hayo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa kupima kichocho huchukuliwa muda huo.

Turudi kwa Saidi. Alimeza sipro siku tano. Kuungua kukapungua, doa likawa dogo, lakini kila asubuhi tone lilikuwepo. Siku ya saba akaenda zahanati, na huko akakumbana na kosa la pili, ambalo lina sura ya utaalamu na ndiyo maana ni gumu kuligundua. Alipewa kikopo na maelekezo sahihi kabisa ya kupima UTI: kojoa kidogo kwanza, mwaga, kisha kinga mkojo wa katikati. Alifanya kama alivyoambiwa. Kile kidogo alichomwaga ndicho kilichokuwa kimesomba usaha wote wa kwenye mrija. Kilichobaki kwenye kikopo ni mkojo wa kibofuni, nao ulikuwa safi. Kijiti cha kupimia kilionyesha chembe nyeupe za damu kidogo tu, naitraiti hakuna. Mkojo ukaoteshwa pia, na baada ya siku mbili majibu yakasema hakuna kilichoota.

Majibu hayo yalikuwa ya kweli, ila yalijibu swali jingine. Naitraiti hutengenezwa na bakteria wa utumbo kama *E. coli*, kimelea cha kisonono hakiitengenezi, kwa hiyo kukosekana kwake hakumwondolei mtu kisonono. Vyakula vya maabara vinavyotumika kuotesha mkojo wa kawaida navyo havimfai kimelea huyo. Yeye ni mteuzi. Anataka chakula maalumu chenye damu iliyopashwa moto hadi ikawa ya kahawia, ambacho wataalamu wa maabara hukiita agari ya chokoleti ingawa hakina chokoleti hata chembe, na anataka hewa yenye kabonidayoksaidi ya ziada. Klamidia ni mgumu zaidi, kwa kuwa haoti kabisa nje ya seli hai. Mtu anaweza kuwa na wote wawili na kupewa karatasi isemayo mkojo wake hauna kitu.

Karatasi ile ndiyo iliyomfanya Saidi aanze kufikiria tezi dume. Matangazo ya dawa za tezi dume yamejaa redioni na kwenye kuta za stendi, na dalili zinazotajwa humo zinamgusa kila mwanamume mwenye njia ya mkojo. Tezi dume tutaifikia. Kabla ya kununua chochote, rafiki yake wa kijiweni akamshawishi aende kituo cha afya kingine, na huko akamkuta tabibu mama wa makamo aliyefunga mlango kwanza ndipo akamuuliza.

"Mdogo wangu, kuungua nimekusikia. Kati ya mkojo na mkojo, kuna kitu kinatoka chenyewe?"

"Kinatoka, dokta. Asubuhi hasa."

"Rangi yake?"

"Mwanzo kilikuwa njano, kizito. Sasa kama maziwa yaliyoongezwa maji."

"Na kabla hakijaanza, mara ya mwisho kukutana na mwanamke bila kondomu ilikuwa lini?"

Akahesabu. Jumamosi usiku alikutana na msichana, doa likaonekana Jumatano. Siku nne.

Hesabu ya siku haithibitishi ugonjwa, lakini inaelekeza. Kisonono hakina subira: dalili nyingi kwa mwanamume huanza kati ya siku mbili na saba baada ya kuambukizwa, na usaha wake huwa mwingi, mzito, wa njano au kijani. Klamidia hujivuta, wiki moja hadi tatu, na majimaji yake ni mepesi, meupe au ya kuteleza, mengine madogo kiasi kwamba mtu huona tu midomo ya tundu imegandana asubuhi. Wanaume wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote. Mipaka hii huingiliana, na ni jambo la kawaida mtu mmoja kubeba vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna tabibu mwenye busara anayetazama rangi ya usaha na kuapa.

Tabibu akampa vikopo viwili badala ya kimoja. Akamwambia akae kwanza, kwa sababu alikuwa ametoka kukojoa, na mrija uliooshwa punde hauna cha kuonyesha. Angalau saa moja ipite, na mbili ni bora zaidi. Baada ya muda huo Saidi akakinga mililita kumi au ishirini za mwanzo kabisa kwenye kikopo cha kwanza, na mkojo uliofuata kwenye cha pili. Njia hii ni ya zamani, na siku hizi maabara nyingi zimeiacha kwa kuwa kuna vipimo vikali zaidi, lakini kwa anayetaka kuelewa hakuna inayoeleza vizuri kuliko hii. Kikopo cha kwanza kilikuwa na ukungu na nyuzinyuzi zinazoelea. Cha pili kilikuwa safi kama maji ya kisima kirefu. Uchafu uko kwenye mrija. Juu yake hakuna kitu. Vyote viwili vingekuwa na ukungu, tabibu angetazama kibofu na figo. Yapo pia mawingu ya bure, yanayotokana na chumvi za fosfeti kwa mtu aliyekula vizuri. Matone machache ya siki huyaondoa papo hapo, na usaha hauondoki kwa siki.

Kisha akachukua tone la usaha kwa pamba nyembamba, akalipaka kwenye kioo na kulipeleka maabara likatiwe rangi ya Gram, ambayo inatumika tangu 1884. Hiki ni kipimo cha bei ndogo kinachofanyika kwa muda mfupi, na kwa mwanamume mwenye usaha unaoonekana ni cha kuaminika sana. Mtaalamu wa maabara hutafuta vitu viwili. Cha kwanza ni chembe nyeupe za damu, ambazo zikiwapo kwa wingi zinathibitisha kwamba mrija umevimba kweli. Cha pili ni vimelea vya duara vyenye rangi ya waridi, wawiliwawili, wamegusana kama punje mbili za maharage zilizotazamana, wakiwa ndani ya chembe nyeupe zilizowameza. Hao ndio aliowaona Albert Neisser kwenye usaha wa wagonjwa wake mwaka 1879, na kimelea akapewa jina lake, *Neisseria gonorrhoeae*. Kwenye kioo cha Saidi walikuwepo, wachache, baada ya sipro zote zile. Klamidia haionekani kwa rangi hii kwa sababu ni mdogo mno na amejificha ndani ya seli za mgonjwa. Kumwona kunahitaji kipimo cha vinasaba, na hapo mkojo wa mwanzo hufaa sana. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu nyingi zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kufanya kipimo hicho kwa muda wa saa moja na nusu zikipewa katriji yake, lakini katriji hiyo haipatikani kila mahali.

Ndiyo maana nchi zetu hutumia mtindo wa kutibu kwa dalili. Mwanamume mwenye usaha hutibiwa kisonono na klamidia siku ileile, bila kusubiri kipimo ambacho huenda hakipo. Wapo wanaoudharau mtindo huu wakiuita wa kubahatisha. Mimi nauona ni wa busara pale ambapo usaha umeonekana kwa macho, kwa sababu orodha ya visababishi ni fupi na mgonjwa anayeambiwa arudi wiki ijayo mara nyingi harudi. Udhaifu wake uko kwingine, kwa yule asiye na dalili, ambaye mtindo wa dalili hauwezi kumwona.

Mtindo huu una historia nyumbani kwetu. Kati ya 1991 na 1994, vijijini mkoani Mwanza, zahanati za jamii sita ziliimarishwa kwa mafunzo na dawa ili zitibu magonjwa ya zinaa kwa njia hiyo, na jamii nyingine sita zikatumika kulinganisha. Matokeo yaliyotangazwa 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kwenye jamii zilizohudumiwa. Miaka miwili baadaye watafiti wa Lilongwe, Malawi, wakaonyesha sehemu ya sababu. Wanaume wenye VVU waliokuwa na usaha kwenye mrija walikuwa na virusi mara nane zaidi kwenye shahawa kuliko wenzao wasio nao, na baada ya kutibiwa usaha kiwango hicho kilishuka ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo tabibu aliyemwomba Saidi apime VVU na kaswende siku ileile alikuwa na sababu, wala hakuwa akimhukumu tabia.

Matibabu yenyewe yalikuwa mafupi kuliko alivyotegemea: sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli, na vidonge vya doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku saba. Sindano ni kwa ajili ya kisonono, vidonge ni kwa ajili ya klamidia. Mitaani kuna imani kwamba kisonono kinataka sindano tano au saba mfululizo. Kisonono cha kawaida cha mrija kinataka moja, yenye dozi inayotosha. Dozi hiyo imekuwa ikipanda. Miaka ya nyuma miongozo mingi iliandika miligramu 250, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likapendekeza gramu moja. Kila nchi ina mwongozo wake, na kituo hufuata huo.

Dozi inapanda kwa sababu kimelea hiki kina kipaji cha kuzoea dawa. Dawa za salfa zilimshinda miaka ya 1940. Mwaka 1976 zikagunduliwa aina zinazotengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini. Tetrasaiklini nayo ikapoteza nguvu. Sipro iliwahi kuwa dawa nzuri kwake, kidonge kimoja tu, lakini usugu ulienea hata Marekani ikaacha kuipendekeza mwaka 2007, na hapa kwetu pia haitegemewi tena. Nafuu aliyoipata Saidi wiki ya kwanza ilimdanganya mara mbili. Dawa dhaifu huweza kupunguza vimelea bila kuwamaliza. Isitoshe, kisonono kisichotibiwa kabisa hupunguza dalili chenyewe wiki zinavyopita, huku mtu akiendelea kuambukiza. Wazee waliosema walipona kwa mizizi walikuwa wanaona jambo la kweli, ila walilitafsiri vibaya. Baadhi yao waliishia na kovu ndani ya mrija, na miaka mingi baadaye wakaanza kukojoa uzi mwembamba kwa kujikamua. Maji mengi nayo hayamsombi kimelea huyu: ana vinyweleo vya kunasia utando, na mkojo unapita juu yake akiwa ameshikilia.

Kufikia siku ya tatu usaha wa Saidi ulikauka. Kufikia siku ya kumi na nne akarudi kituoni amekata tamaa: bado kila asubuhi kuna tone dogo, safi, lisilo na rangi. Hapa tabibu hana haki ya kuandika antibiotiki nyingine kabla hajauliza maswali mawili ya kawaida kabisa. Je, vidonge vilimalizwa? Je, mwenza alitibiwa, au mlikutana tena kabla hajatibiwa? Kwa wengi jibu liko hapo. Yakijibiwa vizuri, na uvimbe ukaonekana tena kwenye kioo, ndipo hufikiriwa wengine wawili. Mmoja ni trikomonasi, kimelea ambacho seftriaksoni na doksisaiklini havimgusi na ambaye hutibiwa kwa metronidazoli. Mwingine ni mikoplazma ya sehemu za siri, kiumbe asiye na ukuta wa seli. Dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni huua kwa kubomoa ukuta huo, kwa hiyo kwake hazina cha kubomoa. Yeye huhitaji dawa nyingine, na mara nyingi hospitali kubwa.

Kwa Saidi jibu lilikuwa rahisi zaidi, na lilitoka aliposimulia asubuhi zake. Kila akiamka alikuwa akikamua uume kutoka shinani mpaka nchani kuangalia kama ugonjwa umekwisha. Mrija una tezi ndogondogo za ute; ukizibana kwa nguvu kila siku zitatoa ute, na utando unaotoka kupona utaendelea kuchubuka. Kioo chake cha siku hiyo hakikuwa na chembe nyeupe wala vimelea. Akaambiwa aache kukamua kwa wiki mbili. Tone likaisha.

"Kwa hiyo si tezi dume?" aliuliza.

Kwa umri wake, tezi dume inayotangazwa redioni, ile inayokua na kuubana mrija, si ya kuwaziwa. Hiyo huanza kusumbua wanaume waliopita miaka 50 hivi, na dalili yake ni mkojo unaochelewa kuanza, unaokatika na kumwamsha mtu usiku. Haitoi usaha. Kijana anaweza kuugua tezi dume kwa namna nyingine mbili. Ya kwanza ni maambukizi makali ya bakteria, nayo haifichiki. Mgonjwa ana homa na kutetemeka, anaumia kwenye msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, anashindwa kukaa vizuri, mkojo unatoka kwa shida au unakwama kabisa. Huyu ni mgonjwa wa hospitali siku hiyohiyo. Daktari akimpima kwa kidole atagusa kwa upole tu, maana kuikanda tezi iliyojaa bakteria kunaweza kuwasukumia kwenye damu. Matibabu yake ni wiki mbili hadi nne za dawa inayopenya kwenye tezi. Hapa mkojo wa katikati uliooteshwa, uleule uliompotosha Saidi, ndicho kipimo sahihi.

Ya pili ni maumivu ya muda mrefu ya nyonga, zaidi ya miezi mitatu, kwenye msamba, kwenye korodani au wakati wa kumwaga shahawa, yanayokuja na kuondoka. Mara nyingi huitwa uvimbe sugu wa tezi dume, ingawa kwa sehemu kubwa ya wagonjwa hakuna bakteria anayepatikana na misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo iliyokaza. Hawa ndio wanaoteseka zaidi kwa dawa zisizo za lazima. Hupewa kozi baada ya kozi kwa jina la "UTI sugu", na kila kozi inapokosa kazi hupandishwa dawa kali zaidi, wakati pengine wangesaidiwa na mazoezi ya kulegeza misuli hiyo na dawa za maumivu.

Maambukizi ya mrija yanaweza pia kuteremka hadi korodani. Korodani moja huvimba taratibu kwa siku moja au mbili, inauma na ina joto, na usaha unaweza kuwa umetangulia. Maumivu ya ghafla ya korodani, hasa kwa kijana na hasa yakiambatana na kutapika, ni habari nyingine kabisa: korodani inaweza kuwa imejinyonga kwenye mshipa wake, na saa sita za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kuiokoa. Hilo si la duka la dawa wala la kulala nalo hadi kesho.

Likabaki suala la msichana. Tabibu alimpa Saidi kadi ya kumpelekea mwenza na kumwambia kwamba wanaohusika ni wote aliokutana nao ndani ya siku 60 kabla ya dalili, na kwamba asikutane na mtu yeyote mpaka siku saba zipite baada ya sindano na wenza wawe wametibiwa. Msichana alikuja akiwa na hasira, akisema haumwi popote. Alikuwa anasema kweli. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawahisi chochote, wakati maambukizi yanapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu ambayo hugundulika miaka mingi baadaye, mimba inapokataa kuingia au inapotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Kabla ya kuandikiwa dawa aliulizwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na akasita. Kipimo cha mimba kikasoma ndiyo. Doksisaiklini haifai kwa mjamzito, kwa hiyo naye alichomwa seftriaksoni lakini akapewa azithromaisini gramu moja ya kumeza mara moja mbele ya muuguzi. Akaandikishwa kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo, akapimwa kaswende na VVU, na kwenye kadi yake ikaandikwa kwamba alitibiwa maambukizi ya njia ya uzazi, ili mkunga atakayemzalisha amwangalie mtoto macho: kisonono cha mama kisichotibiwa kinaweza kumpofusha mtoto ndani ya siku chache za kuzaliwa. Wote wawili wakapangiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu.